Fomula ya Dakika Arobaini: Jinsi ya Kunasa Kosa kwa Kukagua Vizio na Dimensheni

Mwanafunzi alinijia na daftari mkononi akiomba vipindi viwili vya maabara vilivyofuatana. Jaribio lake lilikuwa la kupima muda ambao maji hutumia kutoka tangini kupitia tundu lililo chini. Tangi lilikuwa la umbo la silinda lenye kipenyo cha sentimita 20, tundu lilikuwa na kipenyo cha sentimita 1, na maji yangeanzia kimo cha sentimita 45 juu ya tundu. Alikuwa ameshakokotoa muda kabla hajagusa maji, na jibu lake lilikuwa sekunde 2376, yaani karibu dakika 40. Alikusudia kurudia jaribio kwa vimo vitano, kwa hiyo aliona kipindi kimoja kisingetosha.

Jibu hilo lilinitia shaka. Maji ya tangi lile ni lita 14 hivi, na tundu la sentimita 1 si dogo. Lakini nikimwambia mwanafunzi "hili haliwezekani" kwa sababu tu mimi nimeona matangi mengi, atakuwa ameniamini mimi bila kujua chochote kuhusu fomula yake. Nikamwomba anionyeshe mstari wa mwisho wa hesabu. Ulikuwa hivi:

```
t = 3542 × √h
h = 0.45
t = 2376 s
```

"Hii 3542 ina kizio gani?" nikamuuliza.

"Haina, mwalimu. Ni namba tu. Nimeshaweka thamani zote."

Jibu lake lilinionyesha mahali pa kuanzia. Tulikaa na daftari lile karibu nusu saa, na nimeandika hapa hatua tulizopitia kwa mpangilio uleule, kwa sababu kosa lake nimelikuta kwenye madaftari mengi na njia ya kulinasa ni ileile.

Hatua ya 1: Rudisha herufi mahali pake

Mwanafunzi alikuwa ameingiza thamani mapema mno. Mara tu alipopata mlinganyo wake aliweka 9.8 mahali pa g, akakokotoa, akakusanya namba zote kuwa 3542, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuona kilichomo ndani yake. Tukaifungua. Ilikuwa imetokana na namba mbili zilizozidishwa: 400 na 8.85.

Ile 400 ni uwiano wa eneo la tangi kwa eneo la tundu. Kipenyo cha tangi ni mara 20 ya kipenyo cha tundu, na eneo hukua kwa kipeo cha pili, kwa hiyo 20 × 20 = 400. Eneo likigawanywa kwa eneo, vizio hufutana. Hii kweli ni namba tupu.

Ile 8.85 ni kitu kingine kabisa. Ilitokana na 2 × √(2 × 9.8), na 9.8 ni mchapuko wa graviti, wenye kizio cha mita kwa sekunde mraba. Ukichukua kipeuo cha pili cha mita kwa sekunde mraba unabaki na kipeuo cha mita juu, na sekunde chini. Hicho ni kizio cha ajabu, lakini ni kizio halisi, na kilikuwa kimejificha ndani ya 8.85 bila mwanafunzi kujua.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ninayowapa wanafunzi ni kufanya hesabu yote kwa herufi, na kuweka thamani kwenye mstari wa mwisho kabisa. Kama kuna ulazima wa kuweka namba mapema, basi kila namba iandikwe pamoja na kizio chake, hata kizio hicho kikiwa kibaya machoni. Herufi g hukuambia kila unapoitazama kwamba ni mita kwa sekunde mraba. Namba 9.8 ikishazidishwa na nyingine haikuambii chochote.

Fomula yake, baada ya kurudishiwa herufi, ilisomeka hivi:

```
t = (A/a) × 2√(2gh)
```

A ni eneo la uso wa maji tangini, a ni eneo la tundu, h ni kimo cha maji mwanzoni, na t ni muda wa tangi kuisha.

Hatua ya 2: Andika dimensheni ya kila herufi

Hapa inafaa kutenganisha maneno mawili ambayo wengi huyachanganya. Dimensheni ni aina ya kitu kinachopimwa: urefu, muda, tungamo. Kizio ni kipande tulichokubaliana kukitumia kupimia aina hiyo: mita, futi na sentimita vyote ni vizio vya dimensheni moja, urefu. Aliyelipa wazo hili msingi ni Joseph Fourier, mwanahisabati wa Ufaransa, katika kazi yake ya mwaka 1822 kuhusu joto. Alionyesha kwamba kila kiasi katika mlinganyo wa fizikia kina dimensheni zake, na kwamba viasi visivyo vya aina moja haviwezi kulinganishwa.

Tofauti kati ya maneno hayo mawili ina matokeo. Mwaka 1999 chombo cha anga Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika sayari ya Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa msukumo kwa ratili-nguvu mara sekunde, na nyingine ikazisoma namba hizo kana kwamba ni nyutoni mara sekunde. Dimensheni zilikuwa sawa kabisa pande zote mbili, vizio ndivyo vilivyotofautiana, na namba zikakosewa kwa takribani mara 4.45. Ukaguzi wa dimensheni peke yake usingelinasa kosa lile. Kosa la mwanafunzi wetu lilikuwa la upande wa pili: vizio vyake vyote vilikuwa mita na sekunde, bila mchanganyiko wowote, lakini dimensheni zenyewe hazikukubaliana.

Tukatumia L kwa urefu na T kwa muda. Tungamo, ambayo huandikwa M, haikuhitajika hapa, na nitairudia baadaye kwa sababu kutokuwepo kwake kunasema jambo.

```
A, a   ->  L^2
h      ->  L
g      ->  L/T^2
t      ->  T
2, π   ->  hazina dimensheni
```

Nilimtaka aandike orodha hii kabla hajaitazama tena fomula. Mtu akianza kutafuta dimensheni huku macho yako kwenye jibu analolitaka, mkono huelekea kulipata jibu hilo. Ushahidi ulikuwa kwenye daftari lenyewe: aliandika "s" mbele ya 2376 kwa sababu swali liliuliza muda. Herufi ile haikutoka kwenye hesabu hata kidogo. Aliiambatisha mwishoni, kama tunavyofanya wengi.

Hatua ya 3: Pitisha dimensheni kwenye fomula

Kanuni za kufuata ni chache. Unapozidisha au kugawanya viasi, dimensheni nazo huzidishwa au kugawanywa. Ukichukua kipeuo cha pili, vipeo vya dimensheni hugawanywa kwa mbili. Unaweza kujumlisha au kutoa viasi vya dimensheni moja tu. Na kitu kinachoingia ndani ya sin, cos, log au kipeo lazima kiwe namba tupu. Ukikuta log ya urefu peke yake, kuna kitu kimepotea njiani.

Kwenye fomula yake, A/a ni L² kwa L², inafutika. Namba 2 haina kitu. Ndani ya kipeuo kuna g mara h, yaani L/T² mara L, sawa na L²/T². Kipeuo cha pili cha hiyo ni L/T.

Upande wa kushoto ni T. Upande wa kulia ni L/T.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hii ni mita kwa sekunde. Huu ni mwendokasi."

Ndivyo ilivyokuwa. Fomula aliyoiita ya muda ilikuwa inampa mwendokasi. Sekunde zake 2376 zilikuwa mita 2376 kwa sekunde zilizopachikwa jina lisilo lake.

Hatua ya 4: Badilisha vizio, uone jibu likiyumba

Hatua hii si ya lazima. Hatua ya 3 imeshathibitisha kwamba fomula ni mbovu. Lakini nimegundua kwamba mwanafunzi hukubali kwa kichwa kuwa L/T si T, na bado moyoni anahisi kwamba jibu lake "linakaribia". Kuna jaribio moja linaloondoa hisia hiyo, nalo huchukua dakika mbili: kokotoa upya kwa sentimita.

Kimo ni sentimita 45. Mchapuko wa graviti ni sentimita 980 kwa sekunde mraba. Uwiano wa maeneo unabaki 400. Alipoweka namba hizi kwenye fomula yake, kikokotoo kilimpa 237,588. Tukiziita sekunde, hizo ni saa 66.

Tangi ni lilelile, tundu ni lilelile, na maji hayajui kama tunayapima kwa mita au sentimita. Muda wa kweli hauwezi kuongezeka mara mia kwa sababu ya kubadilisha rula. Tazama pia kwamba uliongezeka mara mia barabara: mita 1 ni sentimita 100, na kila fomula inayotoa L/T itakua mara 100 ukibadilisha hivyo. Ingekuwa inatoa L², ingekua mara 10,000. Kwa hiyo hata mtu asiyependa herufi L na T anaweza kugundua kosa kwa njia hii, na hata kujua ni dimensheni ya urefu kiasi gani imezidi.

Hatua ya 5: Tafuta mstari ulipovunjika

Hatua hii hurukwa mara nyingi, nami naona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mwanafunzi akishajua fomula si sahihi, kishawishi ni kuibadilisha tu mpaka dimensheni zikubali: ageuze kipeuo kiwe h/g, afurahi, aendelee. Anaweza kubahatisha umbo sahihi kwa njia hiyo, lakini ile 2 iliyo nje ya kipeuo itabaki bila mwenyewe. Hatajua kama inastahili kuwepo, kwa sababu namba tupu hazionekani kwenye ukaguzi.

Njia sahihi ni kurudi mwanzo wa hesabu na kukagua kila mstari pande zote mbili. Mstari wa kwanza ambao pande zake hazikubaliani ndipo kosa lilipoingia. Mistari iliyo juu yake haihitaji kuandikwa upya.

Hesabu yake ilianza na kanuni ya Evangelista Torricelli, mwanafizikia wa Italia wa karne ya 17: maji yanayotoka tunduni yana mwendokasi sawa na ule ambao kitu kingekuwa nao baada ya kuanguka kutoka kimo cha uso wa maji, yaani v = √(2gh). Dimensheni za upande wa kulia ni L/T. Mstari huu ni mzima.

Mstari wa pili ulisema kwamba ujazo unaopungua tangini ndio unaotoka tunduni:

```
A × dh/dt = -a × √(2gh)
```

Kushoto ni L² mara L/T, yaani L³/T. Kulia ni L² mara L/T, L³/T pia. Mzima. Hapa niliongeza neno kuhusu dh na dt, kwa kuwa huwapotosha watu. Kipande cha dh, hata kiwe kidogo namna gani, bado ni urefu, na dt bado ni muda. Wanaoviona kama alama za mapambo tu huvisahau wakati wa kuhesabu dimensheni, kisha ukaguzi huwapa kosa ambalo halipo.

Mstari wa tatu ulikuwa wa kutenganisha: vyote vyenye h upande mmoja, vyote vyenye t upande wa pili. Aliandika:

```
√(2g) × dh/√h = -(a/A) × dt
```

Kushoto, √(2g) ni √L kwa T, na dh/√h ni L kugawanya kwa √L, yaani √L. Zikizidishwa zinatoa L/T. Kulia, a/A inafutika na dt inabaki T. Hazikubaliani.

Tulikuwa tumelipata. Alipogawanya pande zote kwa √(2gh), sehemu ya √h aliishusha chini ya mstari kama inavyotakiwa, lakini √(2g) aliibeba akaiacha juu. Kosa dogo la mkono. Halikuhusiana na kutoelewa Torricelli wala kutojua integrali, na kama angebahatisha kurekebisha jibu la mwisho tu, asingejua hilo. Mstari sahihi ni huu:

```
dh/√h = -(a/A) × √(2g) × dt
```

Kushoto ni √L. Kulia ni √L kwa T mara T, sawa na √L. Mzima. Integrali ya upande wa kushoto kutoka h hadi sifuri, tukiondoa alama za hasi za pande zote mbili, inatoa 2√h, na kutoka hapo:

```
2√h = (a/A) × √(2g) × t
t = (A/a) × √(2h/g)
```

Ile 2 iliyokuwa nje imeingia ndani ya kipeuo na kuungana na ile ya chini. Hilo linajulikana kwa kufuata mistari tu. Dimensheni za mwisho: h/g ni L kugawanya kwa L/T², yaani T². Kipeuo chake ni T.

Kwa namba, √(0.90/9.8) ni 0.303, mara 400 ni sekunde 121. Nikamwambia arudie kwa sentimita. √(90/980) ni 0.303 ileile.

Hatua ya 6: Jua kile ambacho ukaguzi hauoni

Mwanafunzi alifurahi, na mimi pia, lakini sikumwacha aondoke hapo. Fomula inayopita ukaguzi wa dimensheni imeonyesha tu kwamba haina kosa la aina moja. Kwenye tangi hili kuna mambo matatu ambayo yangepita bila kuonekana.

La kwanza ni uwiano uliogeuzwa. Kama angeandika a/A badala ya A/a, dimensheni zingekuwa sawa kabisa, kwa sababu uwiano huo ni namba tupu ukiusimamisha wima au ukiupindua. Muda ungekuwa sekunde 0.00076. Katika mfano huu namba inajishtaki, lakini tundu lingekuwa kubwa zaidi kosa lingeweza kujificha. Dawa yake ni kuuliza swali la kawaida: nikipanua tundu, muda unatakiwa uongezeke au upungue? Upungue. Je, a ikikua, fomula inapungua? Kwenye A/a, ndiyo. Fanya hivyo kwa kila herufi, moja baada ya nyingine. Tangi pana, muda mrefu. Maji mengi, muda mrefu. Graviti kali, muda mfupi. Na hapa tukaona jambo: fomula yake ya kwanza ilikuwa na g juu, ikidai kwamba mahali ambapo graviti ni kali tangi lingechelewa kuisha. Swali hili la pili lingemnasa vilevile.

La pili ni namba tupu kama 2, π au nusu. Mwanafunzi mwingine anaweza kuchukua mwendokasi wa mwanzo na kudhani haubadiliki mpaka maji yaishe. Atapata (A/a) × √(h/(2g)), ambayo ni nusu kamili ya jibu sahihi, sekunde 61 hivi, na dimensheni zake hazina doa. Kosa lake ni la fizikia: maji yakipungua, mwendokasi nao hupungua. Ukaguzi wa vizio hauwezi kuliona hilo.

La tatu ni uhalisia wa tundu. Fomula sahihi inachukulia kwamba maji yanajaza tundu lote yanapotoka. Kwenye tundu lenye kingo kali, mkondo hubana mara baada ya kupita, na maji yanayotoka ni takribani asilimia 61 tu ya yale ambayo fomula inayataja. Kwa hiyo sekunde 121 zinagawanywa kwa 0.61, na muda wa kutarajia unakuwa karibu sekunde 199. Ile 0.61 nayo ni namba tupu. Ilitoka kwenye vipimo, na hakuna hesabu ya dimensheni ambayo ingemwonya kwamba imekosekana.

Swali aliloniuliza kabla ya kuondoka

"Mwalimu, na kama tungetumia mafuta badala ya maji? Si msongamano ungeingia kwenye fomula?"

Nilipenda sana swali hilo, kwa kuwa lilirudi kwenye ile M tuliyoiacha pembeni. Msongamano ni tungamo kwa ujazo, M/L³. Muda hauna M ndani yake. Kwenye orodha yetu hakuna kiasi kingine chenye M ambacho kingefuta M ya msongamano. Kwa hiyo, kama viasi vinavyohusika ni A, a, h, g na msongamano tu, basi msongamano hauwezi kuingia kwenye jibu kwa namna yoyote. Hatukuhitaji integrali kulijua hilo. Kimiminika kizito husukumwa zaidi na uzito wake, lakini pia ni kigumu zaidi kusogeza kwa kiwango hichohicho.

"Lakini asali itachelewa," akasema.

Itachelewa, na dimensheni zinasema kwa nini ruhusa hiyo ipo. Asali ina mnato mkubwa, na mnato una dimensheni za M/(L × T). Mnato ukiingia kwenye orodha, sasa kuna viasi viwili vyenye M, na kimoja kinaweza kugawanywa kwa kingine ili M ifutike. Mnato kugawanya kwa msongamano hutoa L²/T, bila tungamo. Kwa hiyo vitaingia pamoja au visiingie kabisa. Kwa maji na tundu la sentimita 1, mnato hauna uzito wa kutajwa. Kwa asali, fomula yetu yote haifai, ingawa dimensheni zake ni safi, kwa sababu kanuni ya Torricelli iliyo kwenye mstari wa kwanza haizingatii mnato.

Vipimo

Alipewa kipindi kimoja. Nilimshauri asimamishe saa pale mkondo unapokatika na kuwa matone, kwa sababu matone ya mwisho huendelea kwa muda mrefu na hayafuati fomula yoyote kati ya hizi. Kwa kimo cha sentimita 45 alipata sekunde 198. Kwa sentimita 9 alipata 89. Vimo vyote vitano vilimalizika, pamoja na kujaza tangi upya kila mara, na muda ukabaki wa kuchora grafu.

Kwenye grafu aliweka muda upande mmoja na √h upande wa pili, na nukta zikajipanga kwenye mstari ulionyooka. Alikuwa akiutazama mstari huo kwa furaha nilipomwomba achore, kwenye karatasi ileile, ile fomula yake ya kwanza. Nayo ilitoa mstari ulionyooka. Fomula zote mbili zina √h, kwa hiyo unyoofu wa grafu usingetofautisha sahihi na mbovu. Kilichotofautiana ni mteremko: 3542 kwa ile ya kwanza, 181 kwa ile sahihi, na karibu 296 kwa vipimo vyake, ambavyo ni 181 kugawanya kwa 0.61. Kisha akachukua kalamu na, bila kuambiwa, akaandika kizio cha mteremko pembeni ya mstari wa vipimo: sekunde kwa kipeuo cha mita.

Pembeni ya mstari wa 3542 akajaribu kuandika hichohicho, akasita, akaandika kipeuo cha mita kwa sekunde.